Nǐ hǎo haisomwi kama ilivyoandikwa: yaliyonikuta na karatasi zangu za Kichina

Nina darasa dogo la Kichina hapa Nkuhungu, Dodoma, sebuleni kwangu, watu sita, jioni tatu kwa wiki. Sio shule wala nini, ni meza ya chakula tu na ubao mweupe nimeuning'iniza kwenye msumari wa kalenda. Mmoja ni mama anauza zabibu barabarani, mwingine dada wa mapokezi gesti, mwingine dereva kwenye kampuni ya ujenzi ya Wachina, waliobaki ni vijana wa chuo. Hawana shida na herufi zile za Kichina, wanataka waongee waeleweke, basi toka mwanzo tukawa tunasoma kwa sauti tu. Karatasi moja, mistari kumi ya pinyin, yaani Kichina kwa herufi zetu hizi hizi na alama za toni juu, Kiswahili chake chini, napeleka steshenari natoa kopi sita, tunasoma mpaka majirani wanachoka.

Nilidhani karatasi ni kazi ya nusu saa, kumbe ndio nilipopigwa chenga mwaka mzima.

Kwa asiyejua, toni za Kichina ziko nne. Ya kwanza iko juu imenyooka, mā, haipandi haishuki. Ya pili inapanda, má, kama unavyosema "eeh?" mtu kakuita hujasikia vizuri. Ya nne inaanguka kutoka juu, mà, kama mama anavyomkaripia mtoto "we!". Ya tatu, mǎ, ndio yenye balaa, vitabu vinachora kibonde, inashuka halafu inapanda tena. Na kuna silabi hafifu ambazo hazina alama kabisa, unazipita haraka haraka.

Toni sio mapambo. Mǎi ni nunua, mài ni uza. Mama wa zabibu akikosea hapo anamwambia mteja kitu kingine kabisa.

Sasa karatasi yangu ya kwanza niliandika kila neno kama lilivyo kwenye kamusi. Nǐ hǎo, "habari", kibonde na kibonde. Bù shì, "siyo", anguka anguka. Nikiwasomea mimi nasema ní hǎo na bú shì, maana ndivyo nilivyozoea kusikia, na wala sikugundua kama nilichosema hakifanani na nilichoandika. Wiki ya pili dereva akanyanyua mkono, "Ticha, hapa umeandika nǐ na kofia iliyogeuzwa, mbona unaisema kama ile ya kupanda?" Nikaangalia karatasi, nikaangalia wanafunzi, nikasema tutaliongelea kesho. Sikulala vizuri siku hiyo.

Jibu lenyewe ni hili. Toni za tatu mbili zikifuatana, ya mbele yake inageuka kuwa ya kupanda. Haijalishi ni neno moja au mawili, lǎobǎn (bosi) inasomwa láobǎn, hěn hǎo (nzuri sana) inasomwa hén hǎo. Bù, neno la kukanusha, kwa asili linaanguka, ila likikaa mbele ya neno jingine linaloanguka linageuka kupanda: bú shì, bú guì, bú yào. Mbele ya toni nyingine zote halibadiliki, bù chī, bù lái, bù hǎo. Na yī, moja, likisimama peke yake liko juu limenyooka, mbele ya toni ya nne linapanda, yí, mbele ya toni ya kwanza, ya pili na ya tatu linaanguka, yì. Mama wa zabibu hilo alilishika kwa noti, elfu kumi ni yí wàn kwa sababu wàn inaanguka, elfu moja ni yìqiān kwa sababu qiān iko juu. Akawa anatoa noti mbili mkobani anazipanga mezani anasema moja moja, yí wàn, yìqiān, yí wàn, yìqiān, mpaka vijana wa chuo nao wakatoa za kwao, ila za elfu kumi hawakuwa nazo.

Ila kanuni kuijua haikutosha, na hapa niseme kitu ambacho sikukisoma popote, nimekisikia tu kwenye meza yangu. Sisi tunaoongea Kiswahili tuna mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kaka, mama, sokoni, ulimi unakwenda wenyewe. Mwanafunzi akikuta neno la silabi mbili anaikandamiza ile ya kwanza, anairefusha, anaipandisha kidogo. Kwahiyo nǐ hǎo wote waliipatia siku ya kwanza! Ní hǎo, safi kabisa, mpaka nikajiona mwalimu hodari. Kumbe walikuwa wanasema kama wanavyosema "baba". Tulipofika lǎoshī, mwalimu, nikasikia láoshi, láoshi, láoshi, meza nzima. Pale shī ni toni ya kwanza, hakuna sababu ya lǎo kupanda, inatakiwa ikae chini kabisa halafu shī iwe juu imenyooka na isifupishwe. Yaani makosa yale yale, pale yamebahatika kuwa sahihi, hapa yamekuwa makosa. Ndio maana siku hizi simpimi mtu kwa nǐ hǎo, nampima kwa lǎoshī na hǎochī, tamu.

Na hicho kibonde chenyewe kinadanganya. Toni ya tatu inafanya kibonde kamili, kushuka na kupanda, ikiwa peke yake au mwisho wa sentensi, na hata mwishoni watu wengi hawaimalizii kupanda. Mbele ya toni ya kwanza, ya pili, ya nne au silabi hafifu inakuwa nusu tu: inashuka inabaki huko huko chini. Wanafunzi wangu walikuwa wanachora bonde zima kwa kila wǒ na kila hěn, ukiwasikiliza ni kama daladala kwenye matuta, inapanda inashuka, abiria wanagonga vichwa. Nikawaambia waisahau ile picha, waseme "mmh" ya mtu aliyeamshwa saa kumi na moja alfajiri akaulizwa hela iko wapi. Ile nzito, ya chini, haina haja ya kupanda. Hiyo ndio lǎo ya lǎoshī.

Basi nikasema tatizo ni karatasi, ngoja niandike vile inavyosomwa. Karatasi ya pili nikageuza kila kitu. Ní hǎo, láobǎn, hén hǎo, bú shì, yí ge, yìqǐ. Nikaona nimemaliza kazi, na kwa kweli wiki mbili za kwanza walisoma vizuri ajabu, mtu anapita nje angedhani kuna Wachina ndani.

Halafu yakaanza. Kijana mmoja akaniuliza kama wó na wǒ ni maneno mawili tofauti, maana kwenye karatasi moja alikuta wó hén hǎo na chini yake wǒ lái. Mwingine akashika wó ndio "mimi", akawa anasema wó lái, wó chī, wó qù, kote anapandisha. Bú ikawa mbaya zaidi, kwa sababu bú shì na bú yào ndio waliokutana nazo mwanzo na ndio wanazozitumia sana, wakachukua bú wakaipeleka kila mahali: bú hǎo, bú chī, bú lái. Nikimwuliza mtu neno la kukanusha ni lipi, anasema bú. Nikimwambia alitafute kwenye kamusi ya simu anaambiwa bù, ananiangalia kama nimemuuzia nyanya zilizooza chini ya fungu.

Vitabu navyo havinisaidii. Vingi vinageuza bù na yī kwenye maandishi, vinaandika bú shì na yí ge, ila toni ya tatu vinaiacha ilivyo, nǐ hǎo. Sasa mwanafunzi afanyeje? Ameona kitabu kimeandika bú kama inavyosomwa, anaamini kila alama ni kama inavyosomwa, anafika kwenye nǐ hǎo anapiga mabonde mawili. Kanuni rasmi ya China ya kuandika pinyin, ile ya 2012, inasema toni iandikwe ya asili, isipokuwa kwenye kufundisha matamshi unaruhusiwa kuandika iliyobadilika ukiona inafaa. Ruhusa hiyo ndiyo inaleta vurugu, kila mwandishi anageuza anachotaka.

Ila kilichonikomesha ni Januari.

Nilikuwa naandaa karatasi ya tarehe, ya dada wa gesti, kwa ajili ya wateja wake. Nikapitia kila yī na kalamu nyekundu, kila iliyofuatwa na toni ya nne nikaandika yí. Yuè, mwezi, inaanguka. Hào, tarehe, inaanguka. Basi tarehe moja Januari nikaandika yí yuè yí hào, nikatoa kopi, tukaisoma jioni nzima kwa sauti ya juu. Desemba akaja mgeni Mchina pale gesti anataka chumba kile chenye kiyoyozi, dada akamweleza kwa Kichina, tena kwa kujiamini, kwamba chumba kitakuwa wazi yí yuè yí hào. Yule mtu akauliza, "Yí ge yuè?" Dada akasikia yí, akasikia yuè, akaitikia ndiyo ndiyo. Mgeni akashika begi akaondoka, maana yí ge yuè ni muda wa mwezi mmoja, kaelewa asubiri mwezi mzima, wakati zilikuwa zimebaki siku nne.

Kosa langu mia kwa mia. Yī inayobadilika ni ile ya kuhesabu vitu, siku moja, kitabu kimoja, mwezi mmoja. Yī ya kutaja nafasi au namba haibadiliki: Januari ni mwezi namba moja, yī yuè, tarehe moja yī hào, wa kwanza dì-yī, na mwisho wa namba pia, shíyī, kumi na moja. Kwahiyo yī yuè ni Januari na yí ge yuè ni mwezi mmoja, na kitu cha kwanza sikio linachoshika ni hiyo toni. Kumbe huwezi kugeuza yī kwa kuangalia jirani tu, lazima kwanza ujue inasema nini. Nilimwomba msamaha yule dada, akasema "Usijali mwalimu, bosi mwenyewe hajui", ila mimi nilijali, karatasi zote za mtindo ule nikazichana, zikawa za kuwashia jiko.

Sasa karatasi ya tatu, ndio natumia mpaka leo. Naandika toni ya asili kila mahali, nǐ, bù, yī, bila kugeuza hata moja, na juu ya kila mstari naacha nafasi ya vidole viwili. Mwanafunzi kabla hajafungua mdomo anachukua penseli anaweka alama mwenyewe: mshale wa kupanda, mstari wa chini kwa ile nusu, mshale wa kuanguka. Asipoweka hasomi. Niliwaeleza hivi, kwenye kamusi ya Kiswahili utakuta -refu, hukuti ndefu, ila hakuna anayesema fimbo refu, neno linageuka kwa sababu ya linachokaa nacho. Tofauti ni kwamba sisi tunaandika ndefu, wao wanaandika -refu wanasema ndefu. Mama wa zabibu akasema "aah, kumbe ndivyo, ungesema toka mwanzo mwanangu", na kweli ningesema toka mwanzo.

Nichukue mstari mmoja wa kwake, mteja anasema: Wǒ mǎi liǎng gōngjīn. Nanunua kilo mbili. Toni za tatu zimejipanga tatu, wǒ mǎi liǎng, halafu gōng ya toni ya kwanza. Mwanzo walikuwa wanaanzia kushoto, wǒ imekutana na mǎi, panda, mǎi imekutana na liǎng, panda, na liǎng kwa kuwa mkono umeshazoea nayo panda! Hiyo ya mwisho ni kosa, liǎng jirani yake ni gōng, haina sababu ya kupanda. Nikawaambia waanzie kulia. Liǎng inaangalia gōng, toni ya kwanza, basi nusu, chini. Mǎi inaangalia liǎng, toni ya tatu, basi inapanda, mái. Wǒ imebaki peke yake mbele ya mái inayopanda, basi nayo ikae chini. Chini, panda, chini, halafu gōngjīn juu imenyooka. Ukisema haraka utasikia watu wanapandisha na wǒ, wó mái liǎng, nayo sio kosa, ila kwa anayeanza mimi namkatia shauri, chukua moja ushike.

Kuanzia kulia nako kuna mpaka wake, kwa sababu maneno yana makundi. Zhǐ lǎohǔ, chui milia wa karatasi, au simba wa karatasi kama unataka, sisi huku chui milia hatuna, lǎohǔ ni neno moja, zhǐ imekuja kuliongezea, kwahiyo lǎohǔ wanamalizana wao kwanza, láohǔ, na zhǐ inabaki chini. Lakini zhǎnlǎnguǎn, jumba la maonyesho, zhǎnlǎn ndio neno na guǎn ndio nyongeza, hapo zinapanda zote mbili za mbele, zhánlánguǎn. Toni za tatu tatu zile zile, matokeo mawili. Basi kabla ya mishale wanaweka mabano kwa penseli, nani yuko na nani. Wǒ yě hěn hǎo, mimi pia mzima, nne kwa mpigo, ukiweka mabano (wǒ yě) (hěn hǎo) inajisoma yenyewe, wó yě, hén hǎo.

Bù yenyewe ni nyepesi ukishakuwa na penseli. Pútao bù guì, zabibu sio ghali, guì inaanguka, panda. Pútao bù tián, sio tamu, tián inapanda, acha ianguke. Mama alikataa kusoma huo mstari wa pili, alisema za kwake ni tamu, nikabadilisha nikaweka bù suān, sio chachu, suān iko juu, bù inaanguka vile vile, akasoma. Kitu pekee nilichoongeza ni bu ya katikati, hǎo bu hǎo, vipi sawa? Hiyo haipandi wala haianguki, inapitwa tu, wanaweka nukta.

Kujua kama mtu kaelewa au kakariri, nawarushia wimbo wa bù haraka haraka bila karatasi, nataja neno wao wanakanusha: guì, lái, hǎo, qù, chī, shì. Anayejua anasita kidogo kwenye qù kisha anasema bú qù. Aliyekariri anakwenda kasi na zote zinafanana. Huo msito mimi naupenda, ndio mahali kichwa kinaangalia jirani. Baada ya mwezi hivi unapotea wenyewe, na hapo naanza kuwanyima penseli, mstari mmoja mmoja.

Juzi dereva kaja amenuna. Alikuwa na mhandisi wa Kichina njia ya Bahi, wanatafuta maji ya kuchanganyia zege, akamwonyesha kijiji akamwambia Nàr yǒu jǐng, pale kuna kisima. Yule mzee akacheka sana, akamwuliza Dodoma mmepata mafuta lini. Dereva kakaa na hilo siku mbili, ana uhakika ameharibu toni.

Nikamwambia aseme tena. Yóu jǐng, ya kwanza imepanda, ya pili chini. Sahihi kabisa.

"Hujaharibu kaka. Yǒu jǐng, kuna kisima, ikishageuka inakuwa yóu jǐng. Na kisima cha mafuta kinaitwa yóujǐng, yenyewe inapanda toka asili. Hata yeye akisema zinafanana, alikuwa anakutania tu."

"Kwahiyo nisipokosea ndio nachekwa?"

"Sema nàr yǒu shuǐjǐng, kisima cha maji, hapo hakuna wa kukutania. Haya, weka mabano."

Akachukua penseli, akafunga shuǐjǐng pamoja, akaweka mshale juu ya shuǐ, mstari wa chini juu ya yǒu, akasoma. Yǒu chini, shuí panda, jǐng chini. Akasoma tena. Wakati anawasha pikipiki pale nje nilikuwa bado namsikia.